Kadi ya sesheni kumi: kisa cha kliniki ya leza mjini Mombasa

Kliniki inayozungumziwa hapa iko Mombasa. Ina mashine moja ya leza ya kuondoa vinyweleo, wahudumu wawili waliosomea kazi hiyo, na dada mmoja wa mapokezi ambaye ndiye pia anayeuza. Bei ya sesheni moja ya kidevu na shingo ilikuwa KSh 5,000, na mteja aliyelipia sesheni kumi kwa pamoja alitozwa KSh 40,000, yaani kumi kwa bei ya nane. Akishalipa alipewa kadi yenye visanduku kumi vya kugongwa muhuri, na nyuma ya kadi palikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo: "Kadi hii itumike ndani ya miezi sita tangu siku ya malipo. Pesa zikishalipwa hazirudishwi."

Mteja mmoja alinunua kadi hiyo mwanzoni mwa Januari na akafanyiwa sesheni ya kwanza siku hiyo hiyo. Alirudi Februari, Machi na Aprili bila kukosa. Mwanzoni mwa Mei mashine iliharibika, na kipuri kilipofika na kufungwa ilikuwa ni katikati ya Juni. Alipopigiwa simu aje kwa sesheni ya tano, alieleza kwamba ni mjamzito. Wahudumu walimwambia, na walisema sawa, kwamba hawapigi leza mwanamke mjamzito: hakuna utafiti wa kutosha wa kuthibitisha usalama wake, na jambo lenyewe halina dharura, kwa hiyo desturi ya wenye kazi hii ni kusubiri. Siku hiyo hiyo dada wa mapokezi alimwandikia kwenye WhatsApp: "Sawa dada, pumzika tu. Ukijifungua salama utakuja umalizie."

Alijifungua Januari iliyofuata, akaja Aprili akiwa na kadi yake yenye mihuri minne. Aliyekuwa mapokezi safari hii ni mtu mwingine, ambaye alitazama tarehe, akageuza kadi, akamsomea ile mistari miwili. Kadi ilikuwa imekwisha muda tangu Julai. Mteja alidai ama sesheni zake sita, ama pesa zake. Mwenye kliniki alishikilia kwamba masharti yaliandikwa na mteja aliyakubali alipolipa. Barua ya mteja ilipofika, nikaombwa niitazame pamoja na kadi, daftari la miadi na ule ujumbe wa simu.

Jambo la kwanza la kuangalia katika mgogoro wa namna hii huwa si ujauzito wala maneno ya mapokezi. Ni hesabu ya kama huduma iliyouzwa ingeweza kutolewa yote ndani ya muda uliowekwa. Leza hufanya kazi kwa kufyonzwa na rangi iliyomo ndani ya unywele na kupitisha joto hadi kwenye mzizi, na mzizi hudhurika vizuri ukiwa katika hatua ya kuotesha unywele. Kwa wakati wowote sehemu tu ya vinyweleo ndiyo iko katika hatua hiyo, vingine vimelala. Ndiyo maana sesheni hutenganishwa: kwa uso, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na kwa miguu au mgongo ni zaidi kidogo ya hapo. Kupiga leza kila wiki hakuharakishi lolote, kunaongeza tu hatari ya kuunguza ngozi.

Sasa tuhesabu. Sesheni kumi zina nafasi tisa katikati yake. Kwa pengo fupi kabisa la wiki nne, mteja asiyekosa hata siku moja atamaliza baada ya wiki 36, ambazo ni zaidi ya miezi minane. Kwa pengo la wiki sita, atamaliza baada ya wiki 54. Miezi sita ina wiki 26. Mteja mwaminifu kuliko wote, mwenye ngozi inayovumilia pengo la wiki nne, angefanyiwa sesheni saba kabla kadi haijakwisha, na yule wa pengo la wiki sita angefanyiwa tano. Kwa maneno mengine, kila kadi ya KSh 40,000 ilikuwa na angalau KSh 12,000 za huduma ambayo kliniki isingeweza kuitoa kwa kufuata kanuni zake yenyewe za kitabibu. Mwenye kliniki hakuwa amekusudia hila yoyote. Miezi sita aliinakili kutoka kwenye kadi ya masaji ya jirani yake, na masaji mtu anaweza kufanyiwa kila wiki akamaliza kumi kwa miezi miwili na nusu. Lakini nia njema haibadilishi hesabu: sharti la muda ambalo hata mteja mkamilifu hawezi kulitimiza halifai kumtetea muuzaji mbele ya mtu yeyote.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 nayo ina sehemu inayohusu mikataba ya huduma za afya, siha, lishe na mfano wake zinazolipiwa kabla: mkataba usizidi mwaka mmoja, na mteja aweze kuuvunja ndani ya siku 10 bila kutoa sababu. Huduma za kitaaluma zilizo chini ya usimamizi wa sheria nyingine zina hukumu yake, na kama kliniki fulani iko ndani au nje ya sehemu hiyo ni swali la kumpelekea wakili. Hata hivyo mtu anayeandika kanuni zake hana hasara akizijenga ndani ya mipaka hiyo miwili. Ukishaikubali mipaka hiyo, utaona kwamba kadi ya sesheni kumi za uso haiingii ndani ya mwaka isipokuwa kwa wateja wa pengo fupi wasiopata udhuru wowote. Kasoro haikuwa kwenye miezi sita peke yake, ilikuwa pia kwenye ile kumi.

Na kwa kweli kumi haikuwa na msingi wa kitabibu. Wateja wengi huona upungufu mkubwa wa vinyweleo baada ya sesheni sita hadi nane, wengine kabla ya hapo. Mwenye nywele zilizoota kwa sababu ya homoni atahitaji kurudi mara moja moja kwa muda mrefu, hata akifanyiwa kumi. Mwenye mvi kidevuni hatafaidika hata kwa ishirini, kwa kuwa unywele mweupe hauna rangi ya kufyonza mwanga. Hapa ndipo uuzaji wa matibabu unapotofautiana na uuzaji wa tiketi za kuogelea: anayeuza ndiye pia anayeamua kama mteja bado anahitaji. Akishauza kumi, ana sababu ya kupiga kumi. Dada wa mapokezi alikuwa akilipwa kamisheni siku kadi inaponunuliwa, kwa hiyo alimuuzia kila aliyeingia, kabla hata ya ngozi yake kujaribiwa. Simlaumu, alifanya kile alicholipwa kufanya.

Tukirudi kwa mteja wetu, mambo matatu yalitosha kuamua. Mashine iliharibika kwa wiki sita ndani ya muda wa kadi, na muda ambao kliniki haikuwa na huduma ya kutoa hauwezi kuhesabiwa dhidi ya aliyelipa. Pili, kusimama kwa matibabu kuliamriwa na kliniki yenyewe kwa sababu za usalama. Tatu, ujumbe wa WhatsApp ulikuwa ahadi ya mtumishi wa kliniki, iliyotolewa kazini, kwa simu ya kliniki, kabla kadi haijaisha. Mteja aliitegemea akakaa kimya. Kama angejibiwa siku ile kwamba kadi yake inakwisha Julai, angeidai pesa yake Juni. Mwenye kliniki alisema kwamba mfanyakazi hakuwa na mamlaka ya kusogeza tarehe. Huenda, lakini mteja angelijuaje hilo, ilhali mtu yule yule ndiye aliyemuuzia kadi, akapokea pesa na kumpangia miadi yote?

Kwa hiyo swali halikuwa tena kama arudishiwe, bali arudishiwe kiasi gani. Kuna hesabu mbili, na mtu anayeuza vifurushi ni lazima azijue zote. Ya kwanza hugawa bei ya kifurushi kwa idadi ya sesheni: 40,000 kwa kumi ni 4,000, zimebaki sita, marejesho ni KSh 24,000. Ya pili humtoza mteja zile alizotumia kwa bei ya rejareja, kwa hoja kwamba punguzo lilikuwa la mwenye kumaliza kumi: nne mara 5,000 ni 20,000, marejesho ni KSh 20,000. Tofauti ya KSh 4,000 ni lile punguzo alilolipata kwa sesheni nne.

Mwenye kliniki alitaka ya pili, na si hesabu ya kipuuzi. Kama mteja angekuwa amebadili mawazo tu, au amehamia Malindi, ingekuwa haki kabisa kumwondolea punguzo la ununuzi wa jumla ambao hakuutimiza. Lakini punguzo halipotei kwa kosa la muuzaji. Aliyekuwa tayari kumaliza kumi, akazuiwa na mashine mbovu na kwa amri ya kitabibu ya kliniki, hajavunja upande wake wa makubaliano. Nilishauri 24,000, na ndizo zilizolipwa. Mteja alipewa nafasi ya kuchagua pesa au sesheni sita, akachagua pesa.

Zililipwa kwa mafungu mawili, na hili linastahili kutazamwa. Kliniki haikuwa na KSh 24,000 za kutoa siku ile. Kadi 30 zilikuwa zimeuzwa, jumla ya KSh 1,200,000, na pesa zote ziliandikwa kwenye daftari kama mauzo siku zilipoingia kwenye M-Pesa, zikatumika kulipa deni la mashine. Tulipohesabu mihuri kadi kwa kadi, sesheni 120 zilikuwa zimetolewa na 180 zilikuwa bado. Pesa halali ya kliniki ilikuwa ile ya sesheni 120, yaani KSh 480,000. Zile KSh 720,000 zilizobaki zilikuwa deni, ingawa deni lenyewe lilitakiwa kulipwa kwa kazi na si kwa fedha. Mwenye kliniki alidhani mwaka ulikuwa wa faida. Kanuni ya uhasibu ya kimataifa inayohusu mapato kutoka kwa wateja, IFRS 15, inalieleza hivyo hivyo: malipo ya kabla ni dhima mpaka huduma itolewe. Inaruhusu kukadiria sehemu ambayo wateja hawatakuja kuitumia na kuiingiza kwenye mapato kidogo kidogo kadiri wengine wanavyotumia, ila kwa biashara yenye rekodi za kutosha kuonyesha desturi ya wateja wake. Kliniki yenye kadi 30 haina rekodi hiyo.

Kwa nini hili linahusu sharti la kuisha muda? Kwa sababu biashara iliyokwisha kula pesa za kadi huanza kuitazama tarehe ya mwisho kama njia ya kufuta deni. Ikifika hapo, mapokezi hawawakumbushi tena wateja miadi yao, na kila anayesahau anakuwa nafuu. Dalili zake zinaonekana mapema: muda unahesabiwa tangu siku ya malipo badala ya siku ya sesheni ya kwanza, hakuna anayepiga simu kabla ya tarehe ya mwisho, na nafasi za jioni na Jumamosi wanapewa wanaolipa taslimu huku wenye kadi wakiambiwa waje Jumanne saa nne asubuhi. Daftari la kliniki hii lilionyesha dalili zote tatu.

Tarehe ya mwisho ina kazi yake ya halali. Bei ya vipuri na mishahara hupanda, na haiwezekani kumwahidi mtu bei ya leo kwa miaka mitano. Mtu aliyepotea mwaka mzima anahitaji kujaribiwa ngozi upya, kwa kuwa huenda ameanza dawa inayoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua juani, au ametoka kuchomwa na jua la pwani. Na kliniki yenye mashine moja inahitaji kujua sesheni ngapi zinaidai. Sababu zote hizi zinahalalisha kufikia mwisho kwa bei ya punguzo. Hakuna hata moja inayohalalisha pesa kupotea. Msimamo wangu katika kanuni mpya ulijengwa juu ya hilo: muda ukiisha, kinachokwisha ni punguzo.

Kanuni mpya zilianza na kifurushi chenyewe. Kumi iliondolewa ikawekwa sita. Mteja mpya hauziwi chochote siku ya kwanza zaidi ya jaribio la ngozi, pigo dogo chini ya taya, kisha anasubiri walau siku mbili kuona kama panavimba au panabadilika rangi. Kwa ngozi nyeusi, ambayo ndiyo ya wateja karibu wote hapa, jaribio hili haliwezi kurukwa hata kwa leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo ndiyo inayoaminika zaidi kwa ngozi ya namna hiyo. Sesheni ya kwanza hulipiwa peke yake KSh 5,000, na akiamua kuendelea huhesabiwa ndani ya kifurushi. Sita ni KSh 27,000, yaani 4,500 kila moja.

Punguzo lilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa makusudi. Kwa punguzo la zamani, mteja aliyeacha baada ya sesheni ya nane angetozwa nane mara 5,000, ambazo ni 40,000 kamili, asirudishiwe hata shilingi ilhali sesheni mbili zimebaki. Hesabu kama hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini hakuna mteja atakayeielewa akiwa amesimama kaunta. Kwa kifurushi kipya, anayeacha kwa hiari baada ya sesheni moja hurudishiwa 22,000, baada ya mbili 17,000, tatu 12,000, nne 7,000 na tano 2,000. Anayeachishwa kwa sababu ya afya au ya kliniki hurudishiwa 4,500 kwa kila iliyobaki. Viwango vyote viwili vimechapishwa kwenye kadi yenyewe kwa tarakimu, kwa herufi za ukubwa wa bei, na mteja hutia saini upande huo. Ndani ya siku 10 za kwanza anaweza kuvunja bila sababu na hakatwi zaidi ya bei ya sesheni aliyokwisha fanyiwa.

Muda ni miezi 12 tangu sesheni ya kwanza. Sita kwa pengo la wiki sita ni wiki 30, kwa hiyo mteja ana wiki 22 za safari, mfungo, ugonjwa wa mtoto na mengine ya dunia. Mashine ikiharibika, kliniki humwandikia kila mwenye kadi, akichelewa kumaliza kwa sababu hiyo hurudishiwa za kubaki kwa 4,500. Mwenye ujauzito au dawa isiyoruhusu leza huulizwa jambo moja tu: je, atapata nafasi ya kumaliza ndani ya mwaka? Kama haielekei, hashikiliwi kwa ahadi, hurudishiwa pesa za sesheni zilizobaki pale pale, na akija baadaye ataanza upya na ngozi iliyopimwa upya. Ni afadhali hivyo kuliko kusogeza tarehe kwa maneno ya simu ambayo mtu wa zamu nyingine hayajui.

Mwezi mmoja kabla ya mwisho, na tena wiki mbili kabla, mteja huandikiwa ujumbe wenye idadi ya sesheni zilizobaki na nafasi tatu za miadi, mojawapo ikiwa ya jioni au Jumamosi. Muda ukiisha bila yeye kuja, hurudishiwa kwa kiwango cha anayeacha kwa hiari. Kamisheni ya mapokezi sasa hulipwa kadiri mihuri inavyogongwa, na kila M-Pesa ya kifurushi huingia kwenye akaunti ya pembeni, ikitolewa 4,500 kwa kila sesheni inayofanyika. Akaunti hiyo haiguswi kwa kodi ya nyumba wala kwa deni la mashine, jambo ambalo lilikuwa gumu kwa miezi ya mwanzo na mwenye kliniki alilazimika kuongea na aliyemkopesha.

Palibaki zile kadi za zamani. Zote ziliongezewa muda hadi mwaka kamili tangu sesheni ya kwanza, na wasiotaka kuendelea walirudishiwa 4,000 kwa kila kisanduku kitupu. Mmoja alitaka mdogo wake amalizie. Kliniki ilikataa mwanzoni kwa hoja ya kitabibu, kwamba nguvu ya leza hupangwa kwa ngozi ya mtu mmoja. Hoja ni sahihi kuhusu mashine, haihusu malipo, kwa hiyo mdogo mtu alijaribiwa ngozi kwanza, akafunguliwa faili lake na thamani ya visanduku ikahamishiwa kwake.

Kesi iliyobishaniwa zaidi ilikuwa ya mteja aliyefikia muhuri wa saba na kidevu chake kikawa karibu safi. Mhudumu aliandika kwenye faili kwamba hapakuwa na vinyweleo vya kutosha vya kupigwa. Mwenye kliniki aliona kwamba mteja alipata alichokinunua, basi hakuna cha kurudisha. Nilimjibu kwamba hakuuza kidevu safi, kadi yake inasema sesheni kumi, na mhudumu wake mwenyewe ameandika kwamba tatu zilizobaki hazihitajiki. Kuzipiga kungekuwa kuichosha ngozi bila faida, na kuzinyamazia kungekuwa kumlipisha mtu kwa kupona mapema. Mteja huyo alirudishiwa KSh 12,000, na kanuni mpya ikaongezewa mstari: mhudumu akiandika kwamba matibabu yamefikia mwisho, sesheni zilizobaki hurejeshwa kwa kiwango cha sababu za kliniki, bila mteja kuomba.